Pongezi kwa Wasoma Prufu wa Vitabu vya Nyimbo

Matwebe, kama kwingine Rungwe, wengi walikulia kwenye Kinyakyusa, lugha inayotumia l bila kuitofautisha na r. Kwa hiyo msoma prufu wa kitabu cha nyimbo za Kiswahili huku ana mtego wake: mchapaji akiandika "kalamu ya Bwana" badala ya "karamu ya Bwana", kompyuta haitapiga mstari mwekundu, maana kalamu nayo ni neno halali. "Mahali" na "mahari" ni vivyo hivyo. Dawa ni watu wawili: mmoja anasoma nakala ya zamani kwa sauti, herufi zenye shaka akizitamka wazi, mwingine anafuata prufu kwa kidole.

Ubeti uliopotea ni mgumu zaidi. Namba zikiruka kutoka 2 hadi 4, hata mtoto ataona. Lakini kompyuta ikijipangia namba yenyewe, beti zinabaki 1, 2, 3 na shimo halionekani. Wajuzi huhesabu beti za kila wimbo kwenye nakala ya zamani, waandike idadi pembeni, ndipo wafungue prufu.

Kisha viitikio. Wimbo mmoja una "Kiitikio", mwingine "Pambio", wa tatu "K:" peke yake. Chagueni moja. Hatari kubwa ni kiitikio kinachobadilika ubeti wa mwisho: alama ikirejesha kile cha kwanza, kwaya itaimba nusu hivi, nusu vile. Hilo hugunduliwa kwa kuimba tu. Hongereni mnaoimba wimbo mzima mezani, kabla mtambo haujawashwa.