Prescott na Mbio za Sakafuni

Tabaka la oksidi chini ya lango la transista za prosesa ya Prescott lilikuwa na unene wa nanomita 1.2, safu tano hivi za atomi. Hapo ndipo Intel walipoharibu mwaka 2004, na nalisema mapema tusizungushane.

Northwood iliyotangulia ilikuwa na nanomita 1.5. Piga hesabu. Kutoka 1.5 hadi 1.2, nguvu ya lango juu ya njia ya elektroni inaongezeka kwa robo; hiyo ndiyo faida yote. Sasa gharama: elektroni haihitaji kuuruka ukuta, inaupenya, na uwezekano wa kupenya hupanda kwa kipeo ukuta unapopungua. Kwa oksidi ya silikoni, kila nanomita 0.2 unayokata huzidisha uvujaji kama mara 10 kwa volti ile ile. Kata 0.3, umefika mara 30. Kushusha volti kidogo kulifidia sehemu tu. Nani hununua robo kwa bei hiyo?

Watetezi watasema joto la Prescott lilitokana zaidi na uvujaji mwingine, ule unaopita kwenye njia yenyewe transista ikiwa imezimwa. Kuutofautisha ni rahisi: pasha transista moto. Uvujaji wa njia hupanda sana. Ule unaopenya lango hubaki karibu palepale. Sawa, uvujaji wa njia ulikuwepo. Basi mwenye tundu moja anatoboa la pili?

Sababu ya kukata hivyo ni ugonjwa ninaoulalamikia kila mara: kuuza prosesa kwa gigahetzi. Ndiyo maana hatua za kuchakata amri zilirefushwa kutoka 20 hadi 31. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: Oktoba 2004 mpango wa gigahetzi 4 ulifutwa.

Walinganishe Intel na Leo Esaki. Mwaka 1957, akiwa katika kampuni ambayo leo ni Sony, alitia uchafu mwingi kwenye germani hadi kizuizi cha dayodi kikabaki nanomita 10 hivi. Akaongeza volti, mkondo ukapanda, ukafika kilele, kisha ukashuka huku volti ikizidi kupanda: ukinzani hasi. Wengine wangeitupa dayodi ile. Yeye aliueleza upenyaji, akaufanya kifaa, na mwaka 1973 akapata Nobeli.

Intel nao walijua. Novemba 2003, kabla Prescott haijatoka, walishatangaza kwamba dawa imepatikana. Kizazi cha nanomita 65 kikabaki na 1.2 ile ile, hawakuthubutu kukata tena. Dawa hiyo, tabaka la hafniamu badala ya oksidi ya silikoni, ilipoingia sokoni mwaka 2007, tabaka lilikuwa nene zaidi, lango likashika vizuri zaidi, na uvujaji wake ukaanguka vibaya. Oksidi ilipaswa kusimama kwenye 1.5 na kuisubiri hafniamu.