Kiti cha Shilingi 300 Kinamla Mwenyewe

Anayeanza kukodisha viti na maturubai Dar es Salaam kwa kawaida huuliza jirani anatoza ngapi, kisha anapunguza kidogo. Jirani naye bei yake aliipata hivyo hivyo. Tuipange upya, tukianzia gharama.

Tuchukue mkodishaji wa Mbagala mwenye viti 200 vya plastiki, kila kimoja kimenunuliwa kwa shilingi 16,000 na kinatarajiwa kudumu miaka mitatu. Ukigawa bei hiyo kwa siku zote za miaka mitatu unapata kama shilingi 15 kwa siku, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Viti havitoki kila siku. Sherehe ni Jumamosi na Jumapili. Mwezi wa Shaabani harusi hufuatana, Ramadhani ikiingia zinakatika, na Kwaresima nayo hupunguza za Wakristo. Tuseme mwaka mzima anapata kazi 60, misiba ikiwemo, na kila kazi inachukua wastani wa viti 120 kati ya 200. Maana yake kiti kimoja kinatoka mara 36 kwa mwaka, mara 108 katika uhai wake. Gawa 16,000 kwa 108: kila kinapotoka, kiti kimejila shilingi 148.

Ongeza stoo. Kodi ya 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka, na viti vinavyotoka mwaka mzima ni 7,200, hivyo kila kiti kinabeba shilingi 67. Vijana wawili wa kupakia, kupanga na kuosha, kila mmoja 10,000 kwa kazi, wanaongeza 167. Jumla ni 382. Usafiri wa kirikuu au guta usiuchanganye humu; utoze peke yake kwa umbali, la sivyo mteja wa mtaa wa pili atamlipia wa Kigamboni.

Sasa mtazame anayetoza 300. Akishalipa stoo na vijana anabaki na shilingi 66 kwa kila kiti, na kwa kuwa ni fedha taslimu mkononi, anaiita faida. Hasara haionekani mpaka mwaka wa tatu, viti vinapoanza kupasuka miguu na hakuna akiba ya kununua vingine. Kwa hesabu hii, 500 ndiyo bei ya kiti, na inamwachia 118.

Siku ya pili ina hesabu yake. Vijana hawarudi kupanga, kwa hiyo viti vikilala msibani kutoka Jumanne hadi Jumatano, nusu ya bei inatosha. Vikivuka hadi Jumamosi, toza bei kamili, maana siku hiyo vingekuwa vimeshachukuliwa na harusi. Turubai hufuata utaratibu huo huo.

Kwenye dhamana, kosa la kawaida ni kuchukua nusu ya kodi. Viti 120 kwa 500 ni 60,000, nusu yake 30,000, na fedha hiyo hainunui hata viti viwili vipya. Dhamana ifuate kinachoweza kupotea. Kudai thamani ya viti vyote, yaani 1,920,000, ni kumfukuza mteja. Chukua upotevu mkubwa unaoweza kutokea katika sherehe ya kawaida, tuseme viti sita, ambavyo ni 96,000, kisha weka dhamana ya 100,000. Itenge na advansi ya kuzuia tarehe: advansi ni sehemu ya malipo, dhamana inarudi. Risiti ikiandika fedha hizo mbili kwenye mstari mmoja, ugomvi unakungoja Jumatatu asubuhi.

Dhamana haina nguvu bila kuhesabu. Viti vishushwe vikiwa vimepangwa kumi kumi, mwenye shughuli ahesabu na kusaini, na bei ya kiti kilichopotea iandikwe palepale kabla ngoma haijaanza. Chini ya kila kiti paka alama ya rangi, kwa sababu viti vya wakodishaji wawili vikikutana kwenye shughuli moja, vilivyopasuka huwa vyako.

Msibani usidai dhamana ya fedha. Familia haijajiandaa, na mtaa utakukumbuka kwa hilo miaka mingi. Chukua jina na simu ya msimamizi wa msiba, na mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa awe shahidi wa hesabu. Upotevu wa misiba uweke ndani ya ile 118.

Baada ya miezi sita fungua daftari. Kama unakataa wateja kila Jumamosi kwa kukosa viti, pandisha bei ya Jumamosi kabla ya kununua viti vingine, kwa sababu viti vipya vitashinda stoo kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa vikingoja siku hiyo moja. Kama wastani umeshuka kutoka viti 120 hadi 80 kwa kazi, rudia hesabu yote: gharama ya kiti imeshapita 500.