Kitenzi Chenye Dhamana

Penseli ya mwalimu wangu ilikuwa imechongwa hadi ikabaki fupi kama kidole gumba. Alasiri ile nilikaa mbele yake nikimtazama akisoma rasimu ya tasnifu yangu. Aliyapita makosa ya tahajia bila kuyagusa, kwa maana alikuwa akiwinda vitenzi. Akafika kwenye sentensi niliyojivunia kuliko zote: Nurse na Spear (1985) wanathibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu na kwamba kilizaliwa pwani ya kaskazini ya Kenya. Penseli ikatua chini ya neno wanathibitisha.

"Mwanangu, wamethibitisha yote mawili?"

Nikanyamaza. Akakitoa kitabu chenyewe rafuni, tukakaa nacho mpaka adhana ya magharibi. Kwamba Kiswahili ni Kibantu, waandishi wale walisimama imara: ngeli, viambishi vya vitenzi, na sauti zinazolingana kwa utaratibu na za Kimijikenda na Kipokomo. Lakini kwenye suala la mahali kilipozaliwa, mwendo wao ulikuwa mwingine. Walitazama lugha ndugu zinakozungumzwa, wakapima jinsi lahaja zilivyoachana, wakaoanisha na matokeo ya wachimbaji wa mahame ya pwani, kisha wakafikia hitimisho. Ni hoja nzito, ila ni hoja. Mimi nilikuwa nimeyafunga mambo mawili yenye uzito tofauti kwa kamba moja.

Akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala: wanaonyesha kwamba Kiswahili ni cha ukoo mmoja na Kimijikenda na Kipokomo, na kutokana na hayo wanajenga hoja kwamba kilichipuka pwani ya kaskazini ya Kenya. Madai mawili yakapata vitenzi viwili. Hakuongeza taarifa hata moja isiyokuwamo kitabuni, lakini sasa msomaji angejua wapi akanyage kwa uzito na wapi apapase kwanza.

Tangu siku hiyo nimevisikia vitenzi hivi kwa sikio jingine. Kudai ni neno la deni: anayedai bado hajalipwa, na ukiandika kwamba mtaalamu fulani anadai, umemwambia msomaji kuwa ushahidi haujakutosha. Ukiandika anabainisha, umeweka na sahihi yako chini ya yake, kwani hakibainishwi ila kilicho kweli. Anakiri humfanya mtu aonekane amebanwa hadi akasema, hata kama alisema kwa hiari. Anadokeza ni kugusa na kuacha. Kwa mujibu wa humwachia mwenye kauli mzigo wake. Na mpokezi akiteleza kutoka kuwa kwenda eti, amekwisha kumkana anayemnukuu. Anasema peke yake haina upande, ndiyo maana wavivu huikimbilia.

Elimu hii ni kongwe pwani kwetu. Waliokaa darsani wanajua kwamba wanazuoni wa hadithi walitenganisha tamko la kukata na tamko la kudhoofisha. Ibn Salah, aliyefariki Damasko mwaka 1245, alifundisha kwamba anayetaja hadithi dhaifu bila sanadi yake asitamke kwa mkato kuwa Mtume amesema. Aseme imepokewa, au imesimuliwa. Kauli ya kutendwa ilikuwa alama ya tahadhari, na msikilizaji aliijua. Mpokezi aliyeyapa maneno nguvu yasiyokuwa nayo alihesabiwa amekosa amana, hata kama maneno yenyewe hakuyageuza.

Siku hizi rasimu zinanifikia zikiwa na anathibitisha katika kila aya. Mwandishi wa asili aliandika huenda. Wa pili akamnukuu kwa anaonyesha. Wa tatu, ambaye hakukifungua kitabu cha kwanza, akaandika amethibitisha. Kisio limekuwa ukweli mikononi mwa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo wa makusudi. Ukitaka kuujua ugonjwa huu, rudi kwenye ukurasa uliotajwa utafute maneno kama huenda, yaelekea, inawezekana. Ukiyakuta mengi pale, na kitenzi cha mpokezi hakina hata chembe ya shaka, basi kuna kitu kimedondoka njiani.

Mwalimu wangu ametangulia mbele ya haki. Rasimu ile ninayo bado, na alama za penseli zimeanza kufifia. Sioni wengi wanaotumia alasiri nzima juu ya neno moja la mwanafunzi, na wanafunzi wenyewe hawana tena subira ya kukaa. Nawe unayeandika usiku huu, kabla hujaandika anathibitisha, fungua ukurasa wenyewe uone kama mwenye kauli alithubutu kulisema hilo.