Uhulutishaji, Ufupishaji na Akronimu katika Mofolojia ya Kiswahili: Uhakiki kwa Kurejelea Shinyanga na Geita

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili huorodhesha njia za kuunda maneno bila kuzipambanua: unyambulishaji, uambatanishaji, uhulutishaji, ufupishaji na akronimu huwekwa katika safu moja. Katika pendekezo la utafiti huu, mtafiti alifanya vivyo hivyo. Mmoja wa watahini aliuliza swali ambalo pendekezo halikuweza kulijibu: ikiwa akronimu ni sehemu ya mofolojia, mofimu zake ni zipi?

Tuanze na UKIMWI, lililotokana na upungufu wa kinga mwilini. Silabi ya kwanza, *u*, ni kiambishi cha ngeli cha neno upungufu. Silabi ya pili, *ki*, haina hadhi ya kiambishi hapa, kwa kuwa ni kipande cha mzizi wa kinga. Ya tatu, *mwi*, imebeba kiambishi cha ngeli pamoja na irabu ya kwanza ya shina *-ili*. Mkato huohuo umeangukia kwenye mpaka wa mofimu mara moja na kuuruka mara mbili. Kinachohesabiwa ni silabi ya mwanzo ya kila neno kuu, wala si mofimu.

Uhulutishaji unaonesha jambo hilohilo. Chajio na chamcha, yaani chakula cha jioni na chakula cha mchana, yamefuata kielelezo kimoja: silabi ya kwanza ya chakula, kisha neno la pili bila silabi yake ya mwisho. Katika jioni kinachodondoshwa ni *-ni*, na msomaji aweza kudhani kwamba kiambishi cha mahali kimeondolewa kwa makusudi. Lakini katika mchana kinachodondoshwa ni *-na*, kipande kisicho na maana yoyote peke yake. Kwa hiyo mkato wa chajio, unaoonekana wa kimofolojia, ni wa kubahatisha.

Hata hesabu ya silabi haitabiri kila zao. Mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mkoani Shinyanga mwaka 1986 uliitwa HASHI, kutokana na Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kwa utaratibu wa UKIMWI tungetarajia HIASHI. Waliolibuni walichukua herufi moja, kisha silabi mbili, wakapata umbo jepesi kutamkika. Vilevile kondakta limefupishwa kuwa konda, umbo la silabi mbili linaloafiki mkazo wa Kiswahili, ilhali Dar es Salaam limekuwa Dar, lisilo hata na irabu ya mwisho. Kuna mwelekeo wa kifonolojia, ila si kanuni inayomwezesha msemaji kulijua zao kabla hajalisikia, kama ajuavyo kwamba pika litazaa pikia na pikwa. Zwicky na Pullum, katika makala yao ya mwaka 1987, walitenga mofolojia ya kawaida na ile waliyoiita ya kimtindo. Data hii inaunga mkono utengano huo kwa upande wa namna maneno yanavyozaliwa.

Ugumu unaanza baada ya kuzaliwa. VICOBA ni akronimu ya Kiingereza. *VI* yake inatokana na neno lenye maana ya kijiji. Hata hivyo, Kahama na Katoro, kama kwingineko nchini, kundi moja la kuweka na kukopa huitwa kikoba. Wasemaji wameichukua *VI* kuwa kiambishi cha wingi, wakaunda umoja ambao akronimu haikuwa nao. Pengine neno mkoba lilisaidia, maana fedha na mfuko haviko mbali. Leo husemwa kikoba chetu kimevunjwa, na wanachama ni wanakikoba. SACCOS, ya shughuli iyo hiyo, haikupata bahati hiyo: haina mwanzo unaofanana na kiambishi cha ngeli, hivyo husemwa saccos yetu, saccos zetu, neno lenyewe lisibadilike. Kitabu, neno la asili ya Kiarabu, lilipita njia ya kikoba zamani lilipozaa vitabu.

Hapa mtafiti alikaribia kupotoka. GGM, kifupi cha jina la kampuni ya mgodi wa Geita, hakipokei *-ni* ya mahali: husemwa pale GGM, ilhali mgodini ni sahihi. Ilionekana kuwa ushahidi kwamba vifupisho hukataa viambishi. Lakini Geita nalo hukataa *-ni*, wala si kifupisho. Kizuizi ni cha majina ya pekee kwa jumla. VICOBA imekipita kwa sababu imekuwa nomino ya kawaida.

Kwa msingi huo, sura hii inaziondoa njia hizi tatu katika orodha ya kanuni za mofolojia na kuzijadili pamoja na muundo wa silabi. Mazao yake, yakishapata ngeli, yanarudishwa kwenye mofolojia kama nomino nyingine yoyote. Kwa mtunga kamusi, kikoba kinastahili kidahizo chake chenye wingi vikoba, na akronimu itajwe kwenye etimolojia tu.