Sekunde 15 Mara Nne: Jinsi ya Kusikiliza Moyo wa Mtoto Wakati wa Uchungu

Chukua namba nne: 34, 30, 26, 32. Ni mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, yaliyohesabiwa kwa vipande vinne vya sekunde 15. Zijumlishe, unapata 122 kwa dakika. Kiwango cha kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo mkunga anayeandika jumla peke yake ataweka nukta mahali salama kwenye patografu na kuondoka. Lakini kipande cha tatu, 26, ni sawa na mapigo 104 kwa dakika, na kilihesabiwa uchungu ulipokuwa umeshapita. Jumla imeficha habari muhimu kuliko zote.

Katika zahanati nyingi za Bariadi, Itilima na Meatu, mkoani Simiyu, hakuna mashine inayochora mapigo mfululizo kwenye karatasi. Kuna fetoskopu, pembe ile ya mbao au plastiki ambayo umbo lake tulirithi kwa Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na penye bahati kuna dopla ya mkononi. Kwa mama mwenye afya na mimba isiyo na tatizo, huo si upungufu. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linataka mama wa namna hiyo asikilizwe kwa vipindi, kwa fetoskopu au dopla. Mashine ya mfululizo huongeza upasuaji bila kupunguza vifo vya watoto. Kwa hiyo swali la kuuliza Simiyu ni namna sikio linavyotumika.

Kazi huanzia kwenye mikono. Mkunga hupapasa tumbo kwanza ajue mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa sababu sauti husikika vizuri zaidi kupitia mgongo, karibu na bega. Akitumia fetoskopu, huisimamisha wima, hubana sikio juu yake na kuiachia mkono, maana vidole vinavyoishika hutoa mikwaruzo inayofunika mapigo. Mkono mmoja hubaki kwenye kifundo cha mkono wa mama. Hatua hiyo wengi huiruka, na ni kosa la hatari: dopla ikielekezwa kwenye mshipa mkubwa wa mama itatoa sauti nzuri na namba nzuri, na mama mwenye maumivu na homa anaweza kuwa na mapigo 120. Kama namba ya tumboni inakwenda sambamba na ile ya kifundo, bado hujampata mtoto.

Baada ya hapo kuna suala la lini. Uchungu ukibana, damu inayopeleka hewa kwenye kondo hupungua kwa muda. Mtoto mwenye akiba huvumilia, na hata mapigo yakishuka kidogo kwa sababu kichwa kinabanwa, uchungu ukiachia hurudi yalipokuwa. Mtoto ambaye akiba yake imeisha huonyesha udhaifu kwa kuchelewa: uchungu unaachia, tumbo linalainika, ila mapigo yanaendelea kushuka au hayarudi upesi. Kwa hiyo mkunga anayesubiri uchungu uishe, mama atulie, apumzike, ndipo asikilize, amechagua dakika ile ambayo karibu kila mtoto husikika mzima. Mapendekezo yanasema sikiliza wakati wa uchungu na uendelee angalau sekunde 30 baada yake, na kila usikilizaji uwe wa dakika moja kamili. Kwa fetoskopu ni vigumu, kwani tumbo limekaza na mama anajigeuza. Kinachowezekana ni kuweka mkono mmoja juu ya tumbo, kuhisi uchungu ukianza kulegea, na kuanza kuhesabu hapo hapo.

Kugawa dakika katika vipande vinne hakuongezi hata sekunde moja ya kazi. Unaandika namba nne pembeni, kwenye kiganja hata, kisha jumla. Vipande vikikaribiana, mfano 35, 34, 36, 35, mtoto yuko kwenye mstari wake. Kimoja kikizama, unajua kimezama wapi. Dopla yenye kioo inaweza kukulaza usingizi hapa, kwa kuwa namba inayoonyesha ni wastani unaobadilika, na ishara ikiwa dhaifu baadhi ya vifaa huhesabu pigo moja mara mbili au kuruka moja. Tazama kioo, lakini hesabu kwa sikio.

Kuhusu kiwango chenyewe, kuna patografu za zamani zilizoweka mwanzo wa kawaida kwenye 120. Mtoto ambaye tangu mama alipopokelewa amekuwa na 114 imara hana neno. Yule aliyeanza na 125 na sasa ana 155 bado yuko ndani ya mistari, lakini amepanda mapigo 30, na hiyo ni sababu ya kupima joto la mama, mapigo yake, na kuuliza alikunywa maji lini. Namba ya kwanza, ya wakati mama alipopokelewa, ndiyo kipimo cha mtoto huyo. Na ukiona kadi yenye 140, 140, 140 kila nusu saa hadi alfajiri, usimsifu mtoto kwa utulivu, muulize aliyeandika.

Mara ngapi? Hatua ya kwanza, njia ikiwa imeshaanza kufunguka kwa kasi, kila dakika 15 hadi 30. Hatua ya kusukuma, kila dakika 5. Kama kuna kinyesi cha mtoto kwenye maji, homa, damu, presha, kovu la upasuaji au dripu ya kuongeza uchungu, nusu saa ni ndefu mno, na mama huyo kwa kweli si wa zahanati.

Sasa piga hesabu ya mkunga mmoja wa zamu ya usiku. Kumfikia mama, kusubiri uchungu uje, kuhesabu dakika na kuandika huchukua kama dakika tano. Mama watatu ni dakika 15 katika kila nusu saa, na inawezekana. Mmoja wao akianza kusukuma, yeye peke yake anataka asikilizwe kila dakika tano, na wale wawili wanabaki bila sikio. Ratiba ya kitabuni inavunjika hapo, si kwa uvivu wa mtu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, ilikutana na jambo hili waziwazi: katika mradi wa PartoMa, miongozo ya kusimamia uchungu iliandikwa upya pamoja na wahudumu wa pale ili ilingane na idadi yao halisi, ikaambatana na mafunzo mafupi ya mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu hospitalini walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Hawakuleta mashine ya mfululizo. Kule Haydom, Manyara, watafiti waliwalinganisha akina mama waliosikilizwa kwa dopla na wale wa fetoskopu, na tofauti haikuwa ya maana kitakwimu. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: dopla inafaa kwa sababu inasikika upesi, na mama mwenyewe anasikia, lakini haisikilizi kwa niaba ya mtu ambaye hayupo kitandani.

Turudi kwenye zile namba nne, tuzipe mahali. Huu ni mfano wa kujengwa, lakini hauna jambo geni kwa mkunga wa mkoa huu. Zahanati ya kijijini, mama wa mimba ya pili, njia sentimita 6. Saa 7:30 usiku vipande ni 35, 34, 36, 35. Saa 8:00 ni 34, 30, 26, 32. Mkunga haondoki. Anasema, "Mama, lala ubavu wa kushoto, nisikilize tena uchungu ukija." Anapima mapigo ya mama na presha. Anapima njia kuona kama kitovu kimetangulia, na kuangalia rangi ya maji. Kama dripu ya uchungu ingekuwa inatiririka, angeifunga kwanza kabla ya yote haya. Kisha anasikiliza uchungu wa pili na wa tatu, maana mshuko mmoja unaweza kuwa kitovu kilichobanwa kwa sekunde chache, ila mshuko unaojirudia baada ya kila uchungu ni mtoto aliyechoka. Uchungu wa pili: 33, 29, 25, 29. Wa tatu: 33, 28, 25, 28.

Kwenye uchungu wa pili ndipo ningetaka apige 115. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yanazungumzia kusikiliza uchungu mara tatu ukiona kasoro, na hospitalini ambako chumba cha upasuaji kiko ng'ambo ya ukumbi hilo linatosha. Zahanati ni jambo jingine. Namba 115 ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kuanzia Shinyanga, mkoa ambako sehemu kubwa ya Simiyu ilimegwa mwaka 2012. Gari la wagonjwa likiwa mbali, kituo cha mawasiliano humtafuta dereva aliyesajiliwa karibu. Gari lililoitwa linaweza kurudishwa mapigo yakitulia. Gari lisiloitwa halina namna ya kufidia zile dakika, hasa mvua zikiwa zimeharibu barabara za ndani.

Kuna hali ambazo hazina kusubiri hata uchungu wa pili: mapigo chini ya 100 ambayo hayajapanda kwa dakika tatu, kitovu kilichotoka, au damu nyingi. Na kama njia imefunguka yote na kichwa kiko chini, rufaa ni kosa. Mtoto azaliwe hapo hapo, kwa vakyum kama mkunga amefundishwa, huku begi na barakoa ya kumpulizia hewa vikiwa mezani tayari.

Simu kwa hospitali inayopokea iwe na namba, si maelezo. "Daktari, ninaleta mama wa mimba ya pili, sentimita 6, maji hayana kinyesi, presha 110 kwa 70. Mapigo ya mtoto yanashuka hadi 104, kisha 100 na 100 baada ya uchungu, mara tatu mfululizo, mama amelala ubavu na bado yanashuka. Mara ya mwisho nimesikia saa 8:20." Sentensi hizo zinamtosha daktari kuamsha timu ya upasuaji kabla gari halijafika Bariadi. Sentensi ya "mtoto ana distresi" humwacha akisubiri aone mwenyewe.

Ndani ya gari linalotikisika fetoskopu haisikii kitu, na dopla husikia injini. Kwa hiyo mama akishushwa, kabla ya fomu ya ridhaa na kabla ya kumsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, anayempokea aweke dopla tumboni, mkono kwenye kifundo cha mama, ahesabu dakika nzima. Mapigo yanaweza kuwa yamerudi, yanaweza kuwa yamebaki vilevile, na yanaweza kuwa yamekoma njiani. Kila jibu kati ya hayo lina mama wa kuhudumiwa kwa njia tofauti.