Paka alifika, na sisi?

Hadithi niliyowasomea vijana wa kikundi chetu hapa kambini Kinama ni fupi na ni ya kweli. Doug Kuntz na Amy Shrodes waliiandika, na ilitoka kama kitabu cha watoto mwaka 2017. Mama mmoja na watoto wake watano wanakimbia Mosul, Iraki. Paka wao Kunkush wanamficha ndani ya kikapu. Mwishoni mwa 2015 mtumbwi unawafikisha kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Pale ufukweni kikapu kinafunguka na paka anakimbia. Wanamtafuta, hawamuoni, safari inaendelea mpaka Norwei.

Nilitegemea hadithi ya paka anayenusa njia mwenyewe, kama zile tulizosimuliwa na bibi. Sivyo. Paka hawezi kunusa Norwei, hajawahi hata kukanyaga kule. Watu wa kujitolea wanamkuta mchafu, wanamuosha, wanampa jina Dias, anapelekwa Berlini. Picha yake inazunguka kwenye intaneti mpaka inawafikia wenyewe. Februari 2016 Kuntz anapanda naye ndege kumpeleka. Kwa hiyo neno «nyumbani» katika hadithi hii si Mosul, ni pale mama alipo. Hapo mimi nilisimama kusoma kidogo. Kijana mmoja akasema, «Basi Masisi si nyumbani tena?» Sikumjibu.

Sasa lawama yangu. Tukifika katikati tunamfuata paka tu. Familia kule inangoja, lakini kungoja kwenyewe hatukuoni. Nani alisema tuache kumtaja? Nani alikasirika na kikapu? Mama yangu anamngoja kaka tangu tulipotengana njiani, na naijua kazi yake: simu ikilia anaitazama kwanza kabla ya kuigusa. Tulijaza karatasi ya Msalaba Mwekundu. Wao wanapeleka barua za habari za familia tu, wazi, bila mambo ya vita, na mtu akikosekana barua inarudi. Yetu ilirudi. Siku ile mama alipika kama kawaida, ila alitia chumvi mara mbili na sisi wote tukala kimya. Jambo la namna hiyo ndilo nililolitafuta kwenye kitabu.

Wengine kikundini walichukia: paka apande ndege na watu wabaki? Mimi sikubali kwamba hilo ni kosa la hadithi. Haikudanganya, ilionyesha wazi mikono iliyombeba, na paka haombwi kitambulisho kama sisi tunavyoombwa. Na picha zake ni nzuri jamani, Sue Cornelison anajua kuchora macho.

Mama alikuwa mlangoni nilipoisoma mara ya pili, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja: yule paka, walipomuita kwa jina lake la zamani, aligeuka?