Ndivyo sivyo: ‘Uzoefu wa miaka 5: alama 10’

KATIKA hati nyingi za zabuni, kigezo cha uzoefu huandikwa hivi: ‘Uzoefu wa miaka 5: alama 10’. Kauli hii fupi yaonekana wazi kama mchana. Hebu tuitazame kwa makini.

Chukua mfano wa zabuni ya usafi wa majengo ambapo mzabuni sharti apate alama 70 kwa 100 katika tathmini ya kiufundi ndipo bei yake ifunguliwe. Mzabuni mmoja ana uzoefu wa miaka 4, na katika vigezo vingine amepata alama 62. Anayesoma kauli ile kwa uwiano atampa alama 2 kwa kila mwaka, yaani 8. Jumla ni 70, amepita! Anayeisoma kama ‘yote au hapana’ atampa sufuri, naye abaki na 62. Wote wawili wameisoma Kiswahili sanifu, na hakuna aliyekosea. Aliyekosea ni mwandishi wa hati.

Wapo wanaodhani ‘angalau’ ni tiba. ‘Uzoefu wa angalau miaka 5: alama 10’ huzidisha utata, kwa sababu ‘angalau’ ni neno la sharti. Je, mwenye miaka 4 anakosa alama tu au anaondolewa kabisa? Sharti la lazima na kigezo cha alama ni vitu viwili. Kila kimoja kiwe na sehemu yake katika hati.

Nao mtego wa mipaka je? ‘Miaka 3 hadi 5: alama 6, zaidi ya miaka 5: alama 10.’ Aliye na miaka mitano na nusu yuko salama, lakini wa miaka mitano kamili atalalamika bure, maana ‘zaidi ya’ humtoa nje.

Ndivyo kigezo kingeandikwa: ‘Alama 2 kwa kila mwaka kamili ambao mzabuni alifanya usafi wa majengo kwa mkataba, zisizidi alama 10. Miaka itahesabiwa hadi siku ya kufungwa kwa zabuni. Mikataba miwili ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa mwaka mmoja. Asiye na mwaka hata mmoja atapata 0 lakini hataondolewa.’ Ni ndefu, naam, ila mzabuni anaweza kujihesabia alama zake mezani kwake kabla ya kutuma.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 80, huitaka kamati itathmini kwa vigezo vilivyomo katika hati, na kwamba kadiri iwezekanavyo viwe vya kupimika. Ikiwa mzabuni atauliza swali kabla ya siku ya mwisho, kifungu cha 75 kinaruhusu hati irekebishwe kwa nyongeza inayopelekewa wazabuni wote. Bahasha zikishafunguliwa, kamati haiwezi tena kueleza ‘tulimaanisha nini’.